Kani kati ya chaji mbili sawa: hesabu ya mkazo kwenye bapa la katikati

Chaji nukta mbili zilizo sawa, kila moja q, zikitengana kwa umbali d katika ombwe, husukumana kwa kani kq²/d², ambapo k = 1/(4πε₀). Hiyo ndiyo kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785. Jibu hilohilo hupatikana pia bila kuzigusa chaji zenyewe: mtu hutazama uga wa umeme kwenye bapa lililo katikati yao, kisha hujumlisha mkazo wa uga huo juu ya bapa zima.

Fikra hii ilianza na Michael Faraday, aliyeona kwamba mistari ya uga huvutika kwa urefu wake kama uzi uliokazwa na papo hapo husukumana ubavuni. James Clerk Maxwell ndiye aliyeipa hesabu. Mahali penye uga wa ukubwa E pana mvuto wa ε₀E²/2 kwa kila mita ya mraba kuufuata mstari wa uga, na kanieneo ya kiasi hichohicho kwa pembe mraba na mstari huo. Kani inayoipata chaji iliyozungukwa na uso funge ni jumla ya mkazo juu ya uso wote.

Tuziweke chaji kwenye mhimili z, moja penye z = a na nyingine penye z = −a, ili d = 2a. Uso funge unaoizunguka chaji ya juu ni bapa z = 0 pamoja na nusutufe kubwa inayolifunika. Kwenye bapa, sehemu za wima za nyuga mbili hufutana, na uga unaobaki hulala juu ya bapa ukielekea nje. Katika umbali r kutoka katikati:

E = 2kqr/(r² + a²)^(3/2)

Kwa kuwa mistari imelala juu ya bapa, mkazo unaolivuka ni kanieneo tupu, ε₀E²/2, na huisukuma chaji ya juu kwenda juu. Hapa ndipo ishara hukosewa mara nyingi: vekta ya uso lazima ielekee nje ya eneo lenye chaji, yaani chini, na mkazo wa kanieneo una alama hasi; hasi mbili huzaa chanya. Tukikata bapa kwa pete zenye eneo 2πr dr:

F = 4πε₀k²q² ∫ r³/(r² + a²)³ dr, kuanzia 0 hadi ∞

Tukiweka u = r² + a², integrali hiyo hutoa 1/(4a²). Kwa kuwa 4πε₀k = 1, F = kq²/(4a²), yaani kq²/d².

Mgawanyo wa kani hiyo juu ya bapa unastahili kuangaliwa kwa karibu. Katikati kabisa, ambapo mtu angetarajia msukumo mkubwa zaidi, uga ni sifuri na kanieneo haipo. Kilele kipo kwenye duara r = a/√2. Chukua chaji za maikrokulombi 1 zilizotengana kwa sentimita 10: kani yote ni takriban nyutoni 0.9, na kileleni, sentimita 3.5 hivi kutoka katikati, uga hufikia volti milioni 2.8 kwa mita na kanieneo paskali 34. Uga huo unakaribia kiwango cha hewa kupasuka kwa cheche, volti milioni 3 kwa mita. Karibu zaidi na chaji zenyewe unakipita, ndiyo maana mfano umewekwa katika ombwe.

Sehemu ya kani iliyomo ndani ya nusukipenyo R ni [R²/(R² + a²)]². Ndani ya R = a imo robo tu; R = 3a hutoa asilimia 81, na asilimia 99 haifikiwi mpaka R ipite kidogo 14a. Anayekokotoa kwa kompyuta akilikata bapa mapema atapata kani pungufu, na dalili yake ni kwamba upungufu hushuka kwa kadiri ya 2a²/R² kila anapopanua eneo. Upungufu huo haukupotea: umo kwenye nusutufe yenye nusukipenyo R, ambako uga wa chaji mbili kwa pamoja hukaribia 2kq/R² na mkazo wake hutoa sehemu ileile ya 2a²/R². R ikikua bila kikomo, mchango wa nusutufe hufifia hadi sifuri.

Kosa lingine ni kutumia uga wa chaji moja peke yake. Mkazo hutegemea mraba wa uga wote, na kani hutoka kwenye kipengele cha kuzidishana cha nyuga mbili. Vipengele vya chaji moja moja havitoi kani juu ya uso funge.

Chaji zikiwa za ishara tofauti, uga hukata bapa kwa pembe mraba, mkazo huwa mvuto, na hesabu hutoa ukubwa uleule wa kani, sasa ya kuvutana. Zikiwa na ukubwa usiolingana, uga huliinamia bapa na mkazo wa kukwaruza hutokea pia, ingawa hujifuta kwa ulinganifu wa duara na jibu hubaki la Coulomb. Yote haya ni kwa chaji zilizotulia. Zikiongezewa mwendo, ni lazima kuhesabu pia mkazo wa uga wa sumaku na badiliko la momenta ya uga ndani ya uso.