Methali za wakati: kiranja mkuu aseme ipi mstarini?

Kiranja mkuu akipewa dakika tatu za kusema na wenzake juu ya kuchelewa, jambo la kwanza analotafuta ni methali. Zipo nyingi, na hapo ndipo penye mtego. Methali nyingi za wakati hazihusu kuwahi kengele, na moja inayojulikana kuliko zote inaweza kutumiwa na wachelewaji kujitetea.

Tuanze na hiyo. Ukimaliza kusema, kuna atakayenong'ona nyuma: "Haraka haraka haina baraka." Wenzake watacheka, na hotuba imekwisha. Usiikimbie methali hiyo. Itaje wewe mwenyewe kabla yake, kwa sababu ukiitazama vizuri iko upande wako. Anayekwenda haraka haraka ni nani, kama si yule aliyechelewa kutoka nyumbani? Ndiye anayesahau daftari na kufika shati limelowa jasho. Aliyetoka mapema hutembea taratibu.

Methali inayofaa zaidi kufungulia ni "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Inasema wazi kwamba anayekawia hukuta chake kimeshachukuliwa na wengine. Tena ina vipande viwili, kwa hiyo unaweza kusema cha kwanza na kuwaachia wanafunzi wamalizie kwa sauti. Mstari mzima ukiitikia pamoja, hata aliyekuwa anasinzia ataamka.

Kuna zinazofanana nayo lakini zinakwenda kwingine. "Udongo uwahi ungali maji" huwavutia viranja kwa sababu ya neno uwahi, lakini inahusu kufanya jambo wakati linapowezekana, kama mfinyanzi anavyoufinyanga udongo kabla haujakauka. Mara nyingi husemwa juu ya malezi. Mwachie mwalimu wa nidhamu. "Wakati ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe" humfaa zaidi mtu anayeshindana na mabadiliko ya nyakati. Na "Wakati ni mali" ni sahihi, ila inafanana mno na msemo wa Kiingereza ambao Mmarekani Benjamin Franklin aliuandika mwaka 1748 katika ushauri wake kwa kijana mfanyabiashara. Kwa mtoto ambaye hajaanza kupata hata senti, haigusi sana.

Ukishapata methali, ipe hesabu ya hapo shuleni kwenu. Tuseme mstari huanza saa 1:30 asubuhi, na kuna wanaotembea saa nzima. Hao lazima watoke nyumbani saa 12:30. Akitoka saa 12:50 atafika saa 1:50, dakika ishirini nyuma, hata kama hakusimama popote njiani. Kwa hiyo anayetaka kuwahi asianze kuhesabu kwenye lango la shule. Aanzie kitandani.

Hapo kuna jambo dogo linalowaponza wengi wanaotumia simu kujiamsha. Saa 11:30 alfajiri kwa Kiswahili, kwenye simu ni 05:30. Mtu akiandika 11:30 kama anavyoitamka, kengele italia karibu na adhuhuri. Litaje, maana ni jepesi kurekebisha.

Hotuba yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Shikamooni walimu. Wenzangu, hamjambo? Wazee walisema, chelewa chelewa..." Ngoja waitikie. "Wiki hii kuna waliokuta kipindi cha kwanza kimefika katikati. Kilichofundishwa kabla hawajaingia wameshachukua wengine. Najua mtaniambia haraka haraka haina baraka. Ni kweli. Ndiyo maana anayekaa mbali atoke saa kumi na mbili na nusu, ili atembee bila haraka. Kesho tukutane hapa kabla ya kengele. Asanteni."

Methali mbili zimetosha. Ukiweka tano, wanafunzi watakumbuka kwamba ulisema methali, lakini hawatakumbuka ulitaka wafanye nini.

Angalia pia usimwelekee mtu. Methali hutupwa hewani, na mwenyewe hujijua. Ukimtazama mmoja ukisema "mwana si wako", imegeuka kejeli mbele ya shule nzima. Miongoni mwa wachelewaji yumo anayechota maji kabla ya kuja, au anayempeleka mdogo wake kwanza. Huyo methali haimwongezei dakika hata moja. Mwite pembeni baada ya mstari, umsikilize, kisha mwende pamoja kwa mwalimu wa darasa, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuzungumza na wazazi.

Na wewe mwenyewe siku hiyo uwe umefika kabla ya kengele kugongwa. Wanafunzi huangalia hilo kwanza.