Safu ya Lugha: Daftari la utafutaji

Mtafiti mkongwe amemwandikia mdogo wake kazini kwa baruapepe: "Tunza kumbukumbu za utafutaji." Ushauri ni mzuri, neno limelegea. Kumbukumbu hubaki hata kichwani tu. Anachotaka ni daftari, neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi ya mnyama. Daftari hujazwa papo hapo: tarehe, hazina iliyopekuliwa, maneno yaleyale yaliyochapwa, vichujio, idadi ya matokeo.

"Nilitafuta malaria ya wajawazito" haitoshi. Ukichapa `malaria AND pregnancy`, PubMed huongeza visawe yenyewe; ukichapa `malaria AND pregnan*`, nyota huzuia nyongeza kwenye neno hilo, na matokeo hubadilika. Tuandike basi "daftari la utafutaji", na ndani yake tunakili kila herufi.