Umeshinda kesi dhidi ya serikali: mbona dalali hawezi kuja?

Ukimshinda jirani kortini na asilipe, dalali huenda kwake akabeba gari na viti. Ukiishinda serikali, mlango huo umefungwa. Kifungu cha 21(4) cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, kinakataza kukamata mali ya serikali ili kulipa deni la hukumu, na kifungu kidogo cha tano kinaipa kaunti kinga hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Mkandarasi amejengea kaunti moja ya Pwani zahanati, hakulipwa, akashtaki na kupewa hukumu ya shilingi milioni 4. Hukumu peke yake haitoshi. Baada ya siku 21 anaomba kwa msajili wa mahakama hati ya amri dhidi ya serikali, inayotaja kiasi anachodai. Hati hiyo anaipeleka serikalini, na kisheria afisa mhasibu wa idara husika ndiye anayepaswa kulipa. Wengi hukwama hapa: wanairuka hati, wanakimbilia hatua inayofuata, na ombi lao linatupwa.

Asipolipwa, anarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumshurutisha afisa huyo atimize wajibu wake. Mawakili huiita mandamasi. Akikaidi hiyo pia, ndipo anapoitwa aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama, na anaweza kufungwa jela. Deni si lake, lakini ukaidi ni wake. Kwa hiyo ni lazima ithibitike kwamba alijua amri ipo. Afisa akihamishwa katikati ya kesi, mdai hulazimika kumpelekea mrithi wake karatasi upya, na hapo miezi hupotea.

Bunge lilijaribu kuwapa maafisa ngao zaidi kupitia Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016. Mahakama Kuu iliifuta yote mwaka 2018, ikisema inakiuka katiba, na mahakama zikarudi kutegemea kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama.

Kinga yenyewe tumeirithi kwa Waingereza, walioiweka kwenye sheria yao ya 1947. Kinachoiweka hai ni hoja ambayo si ya kipuuzi: pesa za umma hutoka kwa idhini ya bunge au bunge la kaunti, na mdai mmoja akibeba ambulansi, mgonjwa asiyehusika ndiye anayeumia. Lakini utetezi wa "haikuwa kwenye bajeti" haupaswi kudumu. Mwaka wa kwanza unaeleweka. Hukumu ikishajulikana, afisa ana bajeti ya ziada na bajeti ya mwaka unaofuata ya kuiingiza. Mkandarasi wetu basi aulize kortini swali moja: deni hili uliliomba lini katika bajeti, na karatasi iko wapi? Afisa asiye na karatasi hiyo ndiye aliye karibu zaidi na jela.