Safu ya Lugha: Kengele, Saa na Wakati

Nimewasikia Waswahili wakaao Stockholm wakisema "kloka" kwa maana ya saa, ilhali asili ya neno hilo la Kiswidi ni kengele, kwa kuwa mitambo ya kwanza ya Ulaya, mingi isiyokuwa na mishale, iligonga tu, ikiwaita watawa salani na, baadaye, vibarua kazini. Saa, neno la Kiarabu, ni kipimo na chombo chake. Wakati ni hadi iliyowekwa, na kwa hiyo afikaye kazini kwa miadi amefika kwa wakati, si "kwa saa". Huko Stockholm kwenyewe saa zilifuata jua la mji hadi tarehe 1 Januari 1879, zilipolinganishwa na za Uswidi nzima, zikarudishwa nyuma dakika 12 hivi.