Miti Midogo Inayosahihishana

Mwaka wa 1988, Michael Kearns na Leslie Valiant waliuliza swali ambalo lingeweza kuulizwa hata kwa mtaa: ukiwa na mtabiri dhaifu, anayemshinda kidogo tu mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu, unaweza kumtumia kujenga mtabiri hodari? Robert Schapire alithibitisha kwa hesabu, katika makala yake ya 1990, kwamba inawezekana. Baadaye yeye na Yoav Freund wakatoa AdaBoost, ambapo kila mtabiri mpya anakazia macho mifano ambayo wenzake waliikosea.

Mwaka wa 2001, Jerome Friedman wa Stanford alichapisha njia pana zaidi: mti mpya usijifunze jibu, ujifunze kosa lililobaki.

Hebu tuone kwa keja. Nyumba nne zina kodi ya 8,000, 10,000, 12,000 na 30,000. Tunaanza na wastani, 15,000, kwa zote. Makosa yanabaki -7,000, -5,000, -3,000 na +15,000. Mti wa kwanza unauliza swali moja tu: je, nyumba ina vyumba zaidi ya viwili? Ni ile ya mwisho pekee. Kwa tatu za kwanza mti unasema punguza 5,000, kwa ya mwisho ongeza 15,000. Lakini hatuuamini wote, tunachukua sehemu ya kumi. Sasa utabiri ni 14,500 kwa zile tatu na 16,500 kwa ya nne. Mti wa pili unaanzia kwa makosa mapya, na hivyo hivyo hadi miti mia kadhaa.

Mwaka wa 2014 Tianqi Chen alianzisha XGBoost, programu iliyofanya kazi hii kwa kasi sana. Kati ya suluhisho 29 za washindi zilizochapishwa na Kaggle mwaka wa 2015, 17 zilitumia XGBoost.

Mbona inashinda kwenye majedwali? Kwa sababu safu moja ni shilingi, nyingine ni kilomita, nyingine ni ndiyo au hapana. Mti haujali vipimo hivyo, unauliza tu kama namba imepita mpaka fulani. Safu isiyosaidia haichaguliwi sana. Na kodi inaporuka ghafla ukivuka barabara, mti unakata hapo hapo.

Lakini miti ikizidi, inaanza kukariri. Utajua hivi: weka kando nyumba ambazo miti haijawahi kuziona. Kosa likiendelea kushuka kwa zile za mafunzo huku likipanda kwa hizi, simama. Shida nyingine haitibiki kwa kusimama: ukiuliza kuhusu nyumba ya vyumba kumi na kubwa uliyoonyesha ilikuwa na vitano, miti itaihesabu kama ya vitano. Inasahihishana makosa iliyoyaona tu.