Kugatua

Mpwa wangu anayesomea sheria alinisomea insha yake tukiwa barazani Msasani. Swali: je, kugatua madaraka kunaifanya nchi kuwa shirikisho? Yeye alijibu ndiyo, kwa sababu Manispaa ya Kinondoni ina madiwani, meya na bajeti yake.

"Mjomba, si wamepewa madaraka?"

"Wamepewa. Nani anaweza kuyachukua?"

Mzigo wote wa neno uko hapo. Ukigatua, unatoa kilicho chako, na unaweza kukidai tena. Katiba ya 1977, ibara ya 145 na 146, inataka ziwepo serikali za mitaa, lakini haitaji Kinondoni wala jiji lolote. Hayo huamuliwa chini ya sheria za kawaida. Ndiyo maana Februari 2021 Rais aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji, bila katiba kuguswa. Katika shirikisho, kwa kawaida jimbo halifutwi hivyo.

Kenya husema ugatuzi, na kaunti zao 47 zimetajwa ndani ya katiba ya 2010. Kubadili malengo, misingi au muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni. Neno linakaribia kufanana na letu. Kufuli ni jingine.

Kisha akauliza kuhusu Zanzibar. Mambo yake makuu hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wa Muungano, kwa ibara ya 98 ya katiba yetu. Hapo "kugatua" hakufai kabisa. Akafuta aya nzima.