Tarumbeta la Tanga, 1914

Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini ni jambo gani, linamhusu nani, na litendwe mahali gani? Maswali hayo matatu ndiyo yaliyowasumbua makamanda wa vita kwa karne nyingi, kabla ya kupatikana redio ya kubebwa na askari uwanjani. Sauti ya mtu haivuki mlio wa bunduki, na tarishi aweza kuuawa njiani. Kwa hiyo amri zilipitishwa kwa ngoma, kwa bendera na kwa tarumbeta. Kila chombo kiliweza kujibu sehemu tu ya maswali hayo.

Ngoma ilikuwa ya mwendo. Iliwafanya askari wa mstari mmoja wakanyage kwa hatua moja, na mapigo yake yalipobadilika walijua kuwa wasimame au wasonge. Udhaifu wake ni kwamba ngozi ikilowa hulegea, na sauti hufifia. Bendera ilikuwa ya mahali. Kikosi kikivurugika, askari walitazama bendera yao ilipo wakaikimbilia. Lakini bendera huhitaji jicho, nayo humwonyesha adui pa kulenga. Baada ya mapigano ya Laing's Nek, Afrika Kusini, tarehe 28 Januari 1881, vikosi vya Waingereza havikuingia tena vitani na bendera zao za heshima.

Tarumbeta la jeshi lilifika mbali kuliko vyote. Halina vidude vya kubonyeza. Mpigaji hubadilisha sauti kwa midomo na pumzi tu, naye hupata sauti tano hivi. Kwa sauti hizo chache hutungwa milio mifupi, kila mmoja na maana yake: shambulieni, acheni kupiga risasi, kusanyikeni. Askari aliikariri kambini mpaka mwili wake ukaitii kabla ya akili kufikiri. Ili kujulisha ni nani anayeamriwa, Waingereza walitanguliza mlio wa kikosi, kisha ukafuata mlio wa amri. Hivyo tarumbeta liliweza kusema jambo na kumtaja mtu. Mahali halikuweza kupataja.

Upungufu huo ulionekana wazi katika nchi yetu wenyewe. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha Ras Kasone, karibu na mji wa Tanga, jeshi la watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, wengi wao wakiwa Wahindi. Wajerumani waliokuwa chini ya Kanali von Lettow-Vorbeck walikuwa na watu 1,000 na ushei, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Wakoloni wawili waligombea nchi isiyokuwa yao, na damu iliyomwagika zaidi ilikuwa ya watu waliowatawala.

Tarehe 4 Novemba Waingereza walisonga kupitia vichaka na mashamba ya mipira. Humo bendera isingeonekana hata hatua chache. Vikosi vilipotezana, nyuki waliochokozwa kwa risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Jioni Wajerumani waliupiga ubavu wa kushoto wa Waingereza kwa kombania za akiba na bunduki za bombomu, na Waingereza wakarudi nyuma kuelekea pwani.

Hapo, giza likiingia, tarumbeta la Wajerumani lililia. Wanahistoria wa vita hivyo wanaeleza kuwa liliwataka askari wakusanyike. Lakini wakusanyike wapi? Mlio haukusema. Kombania nyingi zilidhani kuwa zaitwa kambini walikolala usiku uliopita, magharibi ya mji, nazo zikaondoka. Mji uliopiganiwa siku nzima ukaachwa karibu mtupu. Askari hawakuasi, wala hawakuogopa. Walitii sawasawa, na katika kutii huko walikaribia kuipoteza Tanga. Lettow-Vorbeck alihangaika usiku ule kuwarudisha, na wengi walirejea alfajiri ya tarehe 5.

Kilichomwokoa ni kwamba adui hakujua. Aitken alikuwa amekwisha kukata tamaa. Hakutuma watu wa kutosha kuuchungulia mji, na siku hiyo ya tarehe 5 akawapandisha watu wake merikebuni. Alikuwa amepoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa, akaacha ufukoni mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi nyingi mno. Silaha hizo ziliwasaidia Wajerumani kuendeleza vita hadi mwaka 1918.

Kwa hiyo mwanafunzi anaposoma kwamba Waingereza walishindwa Tanga ingawa walikuwa wengi, na aulize pia amri zilifikaje. Jeshi zima laweza kusikia mlio mmoja, likautii kwa uaminifu, na bado likaenda pasipotakiwa.